Mama anaharisha tena baada ya vankomaisini

"Mama alimaliza vankomaisini, antibayotiki ya kuua bakteria wa difisile, wiki mbili tu anaharisha tena. Eti kuna tiba ya kinyesi cha mtu mwingine? Ni kweli?"

Ni kweli, ndugu yangu, na pole kwa kuuguza. Dawa huua difisile walio hai, lakini mbegu zao ngumu hubaki utumbuni. Bakteria wema waliokuwa wakizizuia wamefagiliwa na antibayotiki, basi zinachipua upya. Kinyesi cha mtu mwenye afya, aliyepimwa damu na choo, huwarudisha walinzi hao. Kwenye utafiti wa Uholanzi uliotoka 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona baada ya kupitishiwa kinyesi hicho mara moja tu kwa mrija wa puani; kwa vankomaisini pekee, 4 kati ya 13.

Anayesema mtindi nao unarudisha bakteria wema yuko nusu sahihi: wazo ni hilohilo, ila bakteria wa mtindi si wale waliopotea.

Msijaribu nyumbani. Marekani, 2019, mgonjwa alifariki kwa bakteria sugu aliyetoka kwa mchangiaji. Tena ugonjwa ukirudi mara ya kwanza, mara nyingi daktari huanza na vankomaisini inayopunguzwa taratibu. Muulize hilo kesho. Na nyumbani mnawe kwa sabuni na maji, spiriti haiui mbegu hizo.