Kabla ya kuuliza spika zina wati ngapi, pima kiti cha mwisho kiko wapi

Watu wanaokuja kwangu kukodi vyombo vya muziki kwa harusi ya nje, maulidi au mkutano wa injili huanza na swali moja: "Fundi, spika zako zina wati ngapi?" Mimi huwarudishia swali jingine. Kiti cha mwisho kitakuwa mita ngapi kutoka kwenye spika? Nikishapata jibu hilo, mengine nayapigia hesabu kwenye kipande cha karatasi. Wati peke yake hazinielezi lolote kuhusu wazee waliokaa mstari wa mbele, wala kuhusu wageni waliokaa kule nyuma karibu na geti.

Sauti ikishatoka kwenye spika mahali pa wazi, husambaa. Nishati yake haiongezeki njiani, ila eneo inalopaswa kulifunika linazidi kukua, kama mpira wa puto unavyozidi kuwa mwembamba kadiri unavyolipuliza. Ukienda mbali mara mbili, eneo linakuwa mara nne, kwa hiyo kila mita mraba inapata robo tu ya ukali wa mwanzo. Ukienda mara tatu, inabaki sehemu moja ya tisa. Fomula yake ni fupi, na I ni ukali wa sauti, P ni nguvu ya chanzo kwa wati, r ni umbali kwa mita:

```
I = P / (4πr²)
```

Desibeli ni njia ya kuandika ukali huo kwa namba zinazoshikika. Sikio linaanza kusikia kwenye ukali mdogo mno, yapata 10⁻¹² W/m², na hapo ndipo pameitwa 0 dB. Kuanzia hapo, kila ukali unapozidishwa mara 10 tunaongeza desibeli 10. Ukizidishwa mara mbili tunaongeza 3, na mara nne tunaongeza 6. Fundi anayefanya kazi uwanjani anaweza kuishi na mambo mawili tu kutoka kwenye hesabu hii: umbali ukiwa maradufu unapoteza desibeli 6, na wati zikiwa maradufu unapata desibeli 3.

Yaweke mawili hayo pamoja uone yanavyogombana. Ili kufidia umbali uliokuwa maradufu, unahitaji wati mara nne. Na hizo wati za nyongeza haziruki vichwa vya watu wa mbele kwenda kuwahudumia wa nyuma. Kila desibeli unayompelekea mgeni wa mwisho, umempelekea na aliyekaa mbele kabisa.

Chukua turubai refu, ambalo mstari wa kwanza uko mita 4 kutoka kwenye spika na wa mwisho mita 32. Jenereta, mapishi na minong'ono ya watu vinaweka kelele ya 65 dB. Ili maneno ya mshereheshaji yaeleweke, nataka sauti yake iizidi kelele hiyo kwa desibeli 15 hivi, yaani 80 dB kwenye kiti cha mwisho. Sasa narudi nyuma kwa kugawa umbali kwa mbili: mita 16 ni 86, mita 8 ni 92, mita 4 ni 98, mita 2 ni 104, mita 1 ni 110. Kwa hiyo mstari wa mbele unakaa kwenye 98 dB ili wa nyuma apate 80. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza mfanyakazi asizidishe saa 8 kwenye 85 dB, na muda huo ukatwe nusu kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka. Kwa kipimo hicho, 98 dB ni chini ya nusu saa. Sherehe zetu zinachukua saa nyingi kuliko hapo, na huko mbele ndiko tunakowaweka wazazi na watoto.

Ushauri wangu ni kuweka jozi ya pili ya spika katikati, mita 16 kutoka zile za mbele, zikiwa zimeelekea nyuma. Sasa kila jozi ina mita 16 tu za kuhudumia. Kupata 80 dB mwisho wa eneo lake inatosha itoe 104 dB kwenye mita 1, na mstari wa mbele unashuka hadi 92 dB. Ni tofauti ya desibeli 6, yaani robo ya ukali wa awali, na kwa kipimo kile kile muda unapanda hadi kama saa moja na nusu.

Na wati je? Angalia nyuma ya spika au kwenye karatasi yake, utaona namba ya dB iliyoandikwa pamoja na 1W/1m. Hiyo ndiyo sauti inayotoka kwa wati moja, ukiwa mita moja mbele yake. Tuseme ni 97. Kwa mpangilio wa kwanza nahitaji desibeli 13 zaidi, ambazo ni wati 20 za wastani. Kwa mpangilio wa pili nahitaji 7, yaani wati 5 kwa kila eneo, 10 kwa jumla. Mazungumzo yana vilele vinavyopita wastani kwa desibeli 12 hivi, kwa hiyo zidisha kwa 16: amplifaya ya wati 320 kwa mpangilio wa kwanza, na wati 80 kwa kila eneo kwa wa pili. Namba hii ya 1W/1m ina uzito kuliko wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Spika ya 100 inakupa kwa wati moja kile ambacho ya 97 inatoa kwa wati mbili.

Jozi ya pili ina sharti lake. Umeme unafika huko papo hapo, lakini sauti ya spika za mbele, kwenye joto la nyuzi 28, inatembea karibu mita 348 kwa sekunde. Mita 16 ni milisekunde 46. Usipoichelewesha jozi ya pili, watu wa nyuma watasikia kila neno mara mbili. Kwenye miksa ya kidijitali nenda kwenye njia ya kutolea sauti, uweke `Delay` ya ms 46, kisha ongeza kama 10, ili sikio lipokee kwanza sauti ya mbele na lidhani mzungumzaji anasikika kutoka jukwaani.

Kabla wageni hawajafika, pitisha mvumo wa mfululizo kwenye jozi ya mbele peke yake, upime kwa simu ukiwa mita 4, 8 na 16. Namba kamili ya simu siitegemei, ila tofauti kati ya vipimo inafaa, mradi simu haijazidiwa na sauti kubwa. Ukiona inashuka 6 kila hatua, uko mahali pa wazi na hesabu hii inashika. Ikiacha kushuka, zima mvumo. Namba ikibaki pale pale, ulikuwa unapima jenereta, basi lisogeze mbali kwanza, maana nalo linatii kanuni ile ile ya desibeli 6. Ikishuka sana ulipozima, kuta za karibu ndizo zinazorudisha sauti, kama ilivyo ukumbini. Humo, kuanzia umbali fulani sauti haipungui tena ila maneno yanazidi kuvurugika, na kuongeza sauti kunaongeza mvurugiko pia. Zisogeze spika karibu na wasikilizaji, zielekezwe kwenye watu badala ya ukuta wa nyuma.