Rafuni 899, kwenye risiti 1,045: nidai vipi tofauti?

Swali: Jumamosi nilinunua mafuta ya kupikia ya lita 3, madumu mawili, supamaketi hapa Nakuru. Lebo ya rafuni ilisema shilingi 899. Kufika nyumbani naona kwenye risiti kila dumu ni 1,045. Nimerudi leo, lebo bado ipo, lakini keshia anasema mashine ndiyo inayojua bei. Nina haki ya kurudishiwa? Nianzie wapi?

Jibu: Dada, kama lebo hiyo ni ya mafuta hayo hasa, unadai shilingi 146 kwa kila dumu, jumla 292, na unazidai ukiwa na haki. Lakini kabla ya kuzidai, rudi kwenye rafu na simu yako, leo hii kama inawezekana. Nimefanya kazi ya kupanga bei supamaketini kwa miaka, na ninajua kitu cha kwanza kinachofanyika malalamiko yakifika kwa meneja: kijana anatumwa kubandua lebo.

Piga picha mbili. Moja ionyeshe lebo ikiwa chini ya mafuta yenyewe, ya pili iwe ya karibu kiasi cha kusomeka maandishi madogo. Hayo madogo ndiyo yanayoamua. Lebo nyingi huwa na tarakimu za msimbopau wa bidhaa. Zilinganishe na zilizo kwenye dumu ulilonunua. Zikiwa sawa, hakuna wa kukuambia lebo ni ya bidhaa nyingine. Zikitofautiana hata tarakimu za mwisho, huenda lebo ni ya chapa nyingine au ya ujazo mwingine, na mteja fulani alirudisha dumu mahali pasipo pake. Hapo dai lako linadhoofika sana. Kisha tafuta tarehe. Bei ya ofa ikiwa imeandikwa mwisho wake ni Ijumaa, nawe umenunua Jumamosi, duka litajitetea kwa tarehe hiyo. Angalia pia kama imeandikwa kuwa bei ni ya wenye kadi ya pointi pekee.

Mara nyingi chanzo ni hiki: bei kwenye mashine hubadilishwa kutoka makao makuu, yote kwa pamoja, usiku. Lebo za rafuni hubadilishwa na mtu, moja moja, asubuhi. Ofa ikiisha usiku wa manane, mashine inarudi bei ya kawaida papo hapo, lebo inabaki mpaka mtu aikumbuke. Kwa hiyo keshia hakudanganyi kwamba mashine ndiyo inayompa bei. Ila kosa la duka kutobandua lebo haliwi deni lako.

Keshia hawezi kurudisha pesa peke yake, kwa hiyo usibishane naye. Nenda dawati la huduma kwa wateja, omba msimamizi wa zamu, mwonyeshe risiti na picha, useme: "Nadai tofauti ya shilingi 292, si kurudisha mafuta." Sentensi hiyo ina kazi yake, maana wengi huambiwa warudishe bidhaa kwanza, na dumu likishafunguliwa halipokelewi. Ukipewa vocha au pointi na hutaki, kataa kwa upole, udai pesa taslimu au kwa M-Pesa. Risiti ya asili usiiache hapo bila kuipiga picha. Karatasi hiyo hufifia upesi kwa joto.

Wakikataa, andika barua pepe fupi kwa makao makuu ya duka: tarehe, tawi, namba ya risiti, bei mbili, na picha. Jibu lisiporidhisha, peleka hayo hayo kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, CAK, yenye idara ya kuwalinda walaji. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinafanya kuwa kosa kumpa mnunuzi maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mlaji haki ya kufidiwa hasara itokanayo na kasoro za bidhaa au huduma. Mahakama ya Madai Madogo ipo pia, lakini kwa shilingi 292 nauli peke yake itakuzidi.

Jambo moja watu hulikosea. Ukiigundua tofauti ukiwa bado kaunta, kabla ya kulipa, huwezi kulilazimisha duka likuuzie kwa 899. Kwa sheria ya mikataba tunayoifuata, bei ya rafuni ni mwaliko wa kununua. Mkataba unafungwa kaunta. Unaweza kuomba waiheshimu lebo, na wengi hukubali, au kuacha mafuta hapo hapo. Hali yako ni tofauti: ulilipa ukiamini 899, hakuna aliyekuambia imebadilika, na pesa ziko kwao.

Wakirudisha, hakikisha umepewa risiti ya marejesho yenye kiasi cha 292, kisha pita tena rafuni uone kama lebo imebadilishwa. Ikiwa bado inasoma 899, ipige picha nyingine uiongeze kwenye malalamiko yako kwa CAK, kwa sababu sasa duka linajua.