Ute wenye damu wiki ya 38

"Mimba ya kwanza, wiki 38. Tumbo limeshuka tangu Jumapili, leo nimeona ute mzito wenye michirizi ya damu. Ndiyo uchungu?"

Bado, mdogo wangu. Mimba ya kwanza mtoto huweza kushuka hata wiki mbili au zaidi kabla. Unapumua vizuri, ila chooni huishi kwenda. Ute ule ulikuwa umeziba mlango wa kizazi. Mlango ukianza kulainika, unatoka, na vimishipa vidogo vikikatika unaona ile michirizi ya rangi ya waridi au kahawia.

Kuna dada kasema ukiuona ute huo unajifungua siku hiyohiyo. Hutokea, ila si lazima. Wangu ulitoka Jumanne, nikazaa Jumamosi, begi limekaa mlangoni siku zote hizo.

Uchungu pima kwa saa. Tumbo linakaza, linaachia, linarudi: kila dakika 10, kisha 7, kisha 5, na kila ukirudi unauma zaidi. Tembea, oga, lala kwa ubavu; ukipotea, huo si wenyewe. Ukishika kila dakika 5 kwa saa nzima, chukua kadi ya kliniki uende. Kama unaishi mbali na hospitali, toka mapema zaidi.

Damu ikitiririka kama hedhi, chupa ikipasuka, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hata kama huna maumivu.

Na wewe mwingine uliyeona ute kama huo wiki ya 32, hilo ni jingine. Nenda leo.