Picha ya koo la dogo ilivyonidanganya

Usiku mmoja dogo wetu, ana miaka 19, anabeba magunia ya dagaa pale mwaloni Kirumba, akanitumia picha watsap. Kaachama mdomo, kamulika tochi ya simu, tonsesi zote mbili zimevimba mpaka zinakaribia kugusana na kilimi halafu juu yake madoa meupe kama mtindi ulioshika. Chini kaandika "dada siwezi hata kumeza mate". Mi nikaona meupe nikajua usaha, usaha ni bakteria, bakteria dawa yake amoksilini. Asubuhi nikapita duka la dawa nikanunua, nikampa kutwa mara tatu, nikajiona daktari kabisa.

Siku ya sita ndo balaa likaanza. Koo bado, homa bado, halafu vipele vidogo vidogo vimejaa kifuani, mgongoni hadi mikononi, ukipitisha kiganja unavihisi. Nikasema dawa imemkataa, tukapanda bajaji mpaka hospitali.

Daktari wala hakuanza na koo. Kwanza akaagiza kipimo cha malaria (Mwanza hii homa yoyote lazima uanzie hapo), hakuna kitu. Akauliza uchovu ulianza lini, dogo akasema kama wiki mbili hivi, gunia alilokuwa analibeba akiimba sasa linamshinda. Akapapasa shingo, tezi zimevimba mbele na nyuma, zile za nyuma kule chini ya masikio zimejipanga kama shanga. Akamlaza chali akambonyeza chini ya mbavu za kushoto, bandama ilikuwa imeanza kuchomoza. Vipimo vya damu vikaonyesha seli nyeupe zile zinazopanda kwenye virusi. Kumbe ni kirusi kinaitwa Epstein-Barr, kinaenea kwa mate, na vijana kinawapiga hasa.

Yani madoa meupe yanatokea kwa virusi na kwa bakteria pia, kwa picha peke yake huwezi kuwatofautisha, hata daktari hawezi. Vile vipele sasa, mtu mwenye kirusi hiki akimeza amoksilini mara nyingi vinamtoka, na mara nyingi sio mzio wa kweli. Daktari alisisitiza nisimwandikie dogo kwenye daftari la kliniki kwamba ana mzio wa penisilini maisha yake yote, kwanza aje achunguzwe vizuri akishapona, maana siku akiihitaji kweli watamnyima.

Nikamuuliza sasa ningejuaje. Akasema angalia vitu vinavyoambatana na koo. Kukiwa na mafua, kikohozi, sauti imekauka au macho mekundu, hapo virusi ndo wa kushukiwa, na koo la namna hiyo kwa kawaida linapoa lenyewe ndani ya wiki. Bakteria anayeitwa streptokokasi huwa anakuja ghafla, homa inapanda juu ya 38, hakuna kikohozi, tezi zinauma pale mbele chini ya taya, na sana sana ni watoto wa miaka 5 mpaka 15. Hata dalili hizo zote zikiwepo bado ni kubahatisha, ndo maana kuna kipimo cha kupitisha pamba kooni pale kinapopatikana.

Na akithibitika ni streptokokasi, vidonge vya penisilini au amoksilini ni siku 10. Hapa ndo tunakosea sana, mtoto siku ya tatu anakula ugali na sato vizuri, mama anaweka vilivyobaki kabatini vimsubiri mdogo wake. Bakteria huyu asipotibiwa vizuri anaweza kuleta homa inayoharibu valvu za moyo. Kingine, tafadhali msimpeleke mtu akakatwe kilimi kwa wembe, kilimi hakihusiki hata kidogo.

Dogo aliachishwa amoksilini, akapewa parasetamo, maji mengi, kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Walimpima na VVU, maana VVU ikiwa mpya inaweza kuja na koo na homa vilevile, akawa salama. Sharti gumu likawa moja: wiki nne asibebe mzigo wala asicheze mpira, bandama iliyovimba ikipata kishindo inaweza kupasuka damu ikavujia tumboni. Kijana anayelipwa kwa gunia unamwambia akae mwezi mzima! Tukagombana, mwisho bosi wake akamweka kuhesabu magunia.

Aliambiwa pia asisubiri miadi akishindwa kufungua mdomo, mate yakimtiririka, uvimbe ukiwa wa upande mmoja, akipumua kwa shida, au maumivu makali ya ghafla ubavu wa kushoto. Hakupata hata moja. Wiki ya tano akarudishwa kupapaswa, bandama imerudi ndani, kesho yake saa kumi na moja alfajiri alikuwa mwaloni, na ile picha bado ninayo kwenye simu.