Maswali na majibu: Kiboksi kitupu mahali pa emoji

Dada yangu amenitumia moyo mwekundu, na kando yake kuna kiboksi kitupu. Anaapa kwamba ametuma kitu kimoja tu. Nani kakosea?

Hakuna aliyekosea, na ujumbe umekufikia mzima. Emoji haisafiri kama picha. Kinachosafiri ni namba, na kila simu hutafuta mchoro wa namba hiyo ndani ya fonti zake yenyewe. Namba hizo hupangwa na Unicode, kanuni moja ya dunia nzima inayoipa kila herufi na alama namba yake, ndiyo maana simu za kampuni mbalimbali zinaelewana.

Nadhani dada yako ametuma moyo uliofungwa bandeji, ule wa mtu anayepona maumivu. Kwa macho ni emoji moja, lakini ndani yake ni namba nne:

```
U+2764  U+FE0F  U+200D  U+1FA79
```

Ya kwanza ni moyo. Ya pili haionekani. Kazi yake ni kusema moyo huo uchorwe kwa rangi, si kama alama nyeusi ya maandishi. Ya tatu nayo haionekani, ni kiungo kinachosema: kilicho kabla yangu na kilicho baada yangu vichorwe pamoja. Ya nne ni plasta ya kidonda.

Sasa chukua simu tatu. Ya kwanza ina fonti mpya inayoujua mchanganyiko huu, ambao uliingia kwenye orodha ya emoji mwaka 2020, kwa hiyo inaonyesha moyo uliofungwa. Ya pili ina fonti ya mwaka 2019. Mwaka huo plasta ilikuwa imeshaingia Unicode lakini mchanganyiko bado, kwa hiyo simu inaonyesha moyo, kisha plasta peke yake pembeni. Ya tatu ina fonti ya mwaka 2018. Moyo inaujua tangu zamani, plasta haijapata kuisikia, kwa hiyo inachora moyo na kiboksi. Simu yako ni kama hii ya tatu.

Kiboksi chenyewe nacho ni mchoro. Kila fonti hubeba umbo moja la akiba, jina lake `.notdef`, linalotumika pale namba inapokosa umbo lake. Programu kwanza huzunguka fonti zote zilizomo kwenye simu kuuliza nani anayo U+1FA79. Zote zikikosa, ndipo umbo hilo la akiba linapochorwa. Wataalamu wa fonti hukiita tofu kwa sababu kinafanana na kipande cheupe cha tofu, chakula kitokanacho na soya, na fonti za Noto za Google zilipata jina lao kutokana na nia ya kuondoa tofu hizo.

Ukitaka uhakika, nakili ujumbe huo umrudishie dada yako. Akiuona moyo wake kama alivyoutuma, jua kilichokosekana kwako ni mchoro tu.

Nimefuta programu ya meseji nikaisakinisha upya mara mbili, viboksi bado vipo. Nifanye nini?

Fonti ya emoji kwa kawaida si mali ya programu ya meseji, ni mali ya mfumo endeshi. Kwenye Android ni faili liitwalo `NotoColorEmoji.ttf`, kwenye iPhone ni Apple Color Emoji, na kwenye Windows ni Segoe UI Emoji. Kufuta programu hakuligusi faili hilo. Nenda kwenye mipangilio ya simu utafute sasisho la mfumo. Kuanzia Android 12, fonti ya emoji inaweza kusasishwa yenyewe bila kusubiri toleo jipya la mfumo mzima, lakini simu za matoleo ya nyuma hutegemea sasisho kutoka kwa mtengenezaji. Kama mtengenezaji ameacha kuitolea simu yako masasisho, viboksi vya emoji mpya vitazidi kuongezeka, kwa kuwa Unicode huongeza nyingine karibu kila mwaka. Sipendi kulisema hili kwa mtu ambaye simu yake bado nzima, lakini ndivyo ilivyo.

Anayetumia kompyuta yenye Debian au Ubuntu ana bahati zaidi. Fonti ni kifurushi cha kawaida:

```
sudo apt install fonts-noto-color-emoji
```

Kisha afunge programu na kuifungua tena.

Arifa ikija juu ya skrini naona kiboksi, nikifungua WhatsApp naona emoji kamili. Inawezekanaje kwenye simu moja?

Wachoraji ni wawili. WhatsApp ya Android hubeba michoro yake yenyewe ya emoji, na mtu anayeisasisha hupata emoji mpya hata kama simu ni ya zamani. Arifa huchorwa na mfumo kwa kutumia fonti ya simu, na fonti hiyo ndiyo iliyopitwa. Ukiona tofauti ya namna hii huna haja ya kumuuliza aliyekutumia. Tayari umejua kosa liko wapi.

Tuna mfumo wa kupokea maoni ya wateja. Emoji zao zote zinatoka `????`. Tuweke fonti gani?

Hakuna fonti itakayosaidia hapa. Tofautisha vizuri: kiboksi kinamaanisha namba ipo na mchoro haupo. Alama ya kuuliza ya kawaida, ile iliyo kwenye kibodi yako, inamaanisha namba yenyewe imeshatupwa na nafasi yake ikawekwa `?`. Nakili hizo `????` uzipeleke kwenye simu mpya kuliko zote, zitabaki alama za kuuliza.

Kama hifadhidata yenu ni MySQL, angalieni kwanza aina ya maandishi iliyowekwa kwenye jedwali. Ile ya zamani iitwayo `utf8` hubeba baiti 3 tu kwa kila herufi, na emoji nyingi zinahitaji 4. Fanyeni nakala ya akiba, kisha:

```sql
ALTER TABLE maoni CONVERT TO CHARACTER SET utf8mb4;
```

Muunganisho kati ya programu na hifadhidata nao lazima uwe `utf8mb4`. Wengi hurekebisha jedwali na kusahau hapo, halafu wanashangaa `????` zinaendelea kuingia. Maoni ya zamani, kwa masikitiko, hayatarudi. Waliyoyaandika wateja hayamo tena humo.

Angalizo dogo: iPhone huchora kiboksi chenye alama ya kuuliza *ndani yake*. Hicho ni kiboksi tu, namba haijapotea. Alama � yenye almasi nyeusi ni jambo jingine tena: baiti zilifika, lakini zikasomwa kwa kanuni isiyo yake.

Nimepamba jina langu kwa herufi za mwandiko kama 𝓐𝓼𝓱𝓪. Rafiki zangu wengine wanaona viboksi vitupu. Kwa nini, wakati ni herufi tu?

Kwa kompyuta hizo si herufi za jina. Ni alama za hisabati, zinazoanzia U+1D400, zilizowekwa ili mwanahisabati aweze kutofautisha A ya kawaida na A ya mwandiko ndani ya fomula. Fonti nyingi ndogo hazina michoro yake. Kinachonisumbua zaidi ni wasioona: kisoma skrini kinaweza kuziruka kabisa, au kutamka kila moja kwa jina lake refu la kihisabati, na jina lako lisisikike kamwe. Na anayekutafuta kwa kuandika Asha huenda asikupate, kwa sababu si kila kisanduku cha utafutaji kinachojua kwamba 𝓐 na A ni herufi ile ile.