Ripoti ya kumtembelea mzee anayeanguka: anza na njia ya chooni

Nyie mnaoanza kwenda majumbani, ukishaamkia na kukaa usikimbilie kujaza fomu, mwombe mzee akuonyeshe alipoangukia na mtembee wote ile njia aliyopita. Andika alianguka saa ngapi, alikuwa anatoka wapi, kavaa nini miguuni. Ukiandika tu "mazingira hatarishi" daktari wala familia hawana cha kufanyia kazi.

Chukulieni bibi wa miaka 76, kaanguka mara mbili, zote usiku akienda choo cha nje. Njiani kuna kizingiti cha sentimita 12, taa hamna, mlangoni simenti imelowa na bibi kavaa kandambili zilizolika. Wengi wanaishia hapo wanaandika waweke taa, basi. Lakini mwulize kwa nini anaamka usiku mara tatu, mwambie alete mfuko wa dawa wote, na zile za dukani na za mitishamba pia. Huyu kidonge cha presha cha kukojoza anakimeza usiku pamoja na amitriptilini ya maumivu ya miguu, kwa hiyo kimoja kinamwamsha na kingine kinamlevya usingizi na kinaweza kushusha presha akisimama.

Hapo pima. Alale dakika 5, chukua presha, asimame, pima tena baada ya dakika 1 na ya 3, na kaa karibu umdake. Yake ilikuwa 148 kwa 84 akiwa amelala, akasimama ikawa 122 kwa 76. Ile ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, hiyo inaandikwa kwenye ripoti kwa namba zake, na andika pia kama alisikia kizunguzungu, maana wengine inashuka na hawasikii chochote.

Macho pima moja moja, funika jicho la pili. Bibi jicho la kulia lina mtoto wa jicho na bila kufunika usingejua, kwa sababu la kushoto linambebea. Upande huo ndio kizingiti hakioni vizuri.

Mapendekezo sasa, kila moja liwe na mtu wake. Daktari aangalie kuhamishia kidonge cha kukojoza asubuhi na kama amitriptilini bado inahitajika, wewe usimwambie bibi aache dawa, presha ikipanda utakuwa umemtoa shimoni umemtia kisimani. Mjukuu apake kizingiti rangi nyeupe na aweke taa ya sola, fundi afunge bomba la kushikia ukutani, mtoto wake ampeleke kliniki ya macho. Ndoo yenye mfuniko chumbani usiku muulize bibi mwenyewe faragha, wengi wanaona aibu na wakilazimishwa mbele ya watu wanakubali tu halafu hawaitumii.

Mwisho weka tarehe ya kurudi, dawa zikibadilishwa rudi baada ya wiki mbili hivi, rudia presha ya kulala na kusimama na uulize anaamka mara ngapi usiku.