Hoja za ukaguzi kwenye barua ya menejimenti: zipangwe kwa kiasi cha fedha au kwa hatari?

"Wakuu, nina hoja 14 za SACCOS. Nianze na yenye pesa nyingi? Na kwenye sehemu ya 'sababu' ya kila hoja naandika nini?"

Anza na yenye hatari kubwa. Kuna aliyeshauri upange kwa shilingi, naye yuko sahihi nusu: kiasi ni kipimo kimojawapo, lakini uliza pia jambo hilo lina uwezekano gani wa kujirudia na linagusa nini kingine. Vocha moja ya milioni 2 isiyo na risiti inakaa chini ya hoja ya keshia anayepokea fedha na kufanya usuluhisho wa benki mwenyewe, hata kama hujakuta senti iliyopotea.

Kwenye sababu ndiko wengi huharibu. "Usuluhisho haukufanyika miezi minne" ni hoja yenyewe. Sababu ni kwamba hakuna tarehe ya mwisho wala mtu wa kuupitia. Athari: fedha zinaweza kuchotwa zisigundulike mapema. Pendekezo litibu sababu hiyo: mhasibu asiyeshika fedha aandae, meneja apitie na kusaini kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Ukiandika "menejimenti iimarishe udhibiti", mwakani utaikuta palepale.

Kiwango cha kimataifa cha ukaguzi ISA 265 kinataka upungufu mkubwa wa udhibiti uelezwe kwa maandishi pamoja na athari zake, ila hakilazimishi kuzikadiria kwa tarakimu. Madaraja ya hatari ya juu, kati na chini ni utaratibu wa ofisi yako, kwa hiyo fuata jedwali lake.